Nimejaza tanga kwa akili mnemba, limeandika "SAFRAI ZA MADNA". Kwa nini herufi zinavurugika?

tanga_jeupe (Shela, Lamu)

Assalaam aleikum wanajamvi. Ami yangu ana mashua hapa Shela, huwapeleka wageni Manda na kwenye magofu ya Takwa. Ameniagiza bango la mita 2 kwa 1 alitundike karibu na gati. Picha ninayo, nimeipiga mwenyewe kwa simu, upana wake pikseli 4000. Mashua iko upepo mzuri, tanga limejaa, maji yanametameta. Ila tanga lina maandishi ya mwenye mashua wa zamani, na ami hataki kumtangazia mtu mwingine biashara.

Basi nikayazungushia mstari yale maandishi kwenye ile sehemu ya Generative Fill ya Photoshop, nikaandika nataka tanga jeupe lenye maneno SAFARI ZA MANDA NA TAKWA, na nambari ya simu chini yake.

Mara ya kwanza: SAFRAI ZA MADNA TAKVA. Mara ya pili maneno yalikaribia, lakini nambari ya simu ilikuwa na tarakimu 12, na moja yao nusu 8 nusu B. Mara ya tatu nikafurahi, kumbe A moja ina miguu mitatu. Nimeshajaribu zaidi ya mara 30. Kitambaa chenyewe kinatoka kizuri ajabu, mikunjo, kivuli cha foromali, kila kitu. Ni herufi tu. Ami ameniuliza hii mashine ilikimbia chuoni mwaka gani.

Kosa ni langu au ni la zana?

---

Kasa

Waaleikum salaam. Kosa ni Kiswahili. Hizi zana zimefundishwa kwa picha za Wazungu, maneno yetu hazijawahi kuyaona. Andika kwa Kiingereza utaona inatulia.

---

tanga_jeupe

Nimejaribu sasa hivi ndugu Kasa. Nimeandika BOAT TRIPS nikapata BOAT TRIRPS. Halafu nambari ya simu je? 0 na 7 ni Kiingereza au Kiswahili?

---

Bi_Nakshi (Langoni)

Kasa amepata nusu. Nusu yake nitairudia, kwanza tuanze na ile ambayo Kiingereza hakiwezi kuiokoa.

Nyote mmekua mkiona kanga. Mchukulie mtu aliyeona kanga elfu kumi lakini hajui kusoma. Mwambie achore kanga. Pindo atalichora, mji atauchora, na jina ataliweka mahali pake hasa, chini katikati, ndani ya kisanduku, kwa herufi kubwa zilizopangana sawa. Ukiwa mbali utasema ni kanga halali. Ukisogea usome, hakuna neno. Yeye hajaandika, amechora *sura ya maandishi*. Zana hii hufanya hivyohivyo. Tanga haliharibiki kwa sababu mkunjo ukienda kushoto kidogo au kulia kidogo bado ni mkunjo. Herufi haina ruhusa hiyo. E ukiiongezea kijiti kimoja si E tena.

Sasa kuna sababu ya pili ambayo watu wengi hawaijui, nayo ndiyo inayouma zaidi kwenye kujaza. Zana nyingi za aina hii hazichori juu ya pikseli moja moja. Huifinya picha kwanza, zinafanya kazi yote kwenye ile picha iliyofinywa, kisha zinaikunjua. Kwenye Stable Diffusion ya mwanzo, ya mwaka 2022, kila kisanduku cha pikseli 8 kwa 8 hugeuzwa kuwa tarakimu 4 tu. Piga hesabu: pikseli 64, kila moja ina rangi tatu, hizo ni tarakimu 192. Zote zinaingia kwenye 4. Kitambaa kinavumilia kufinywa hivyo. Sasa fikiria nambari yako ya simu, herufi zake zina urefu wa pikseli 24 labda. Hivyo ni visanduku vitatu kwenda juu, na unene wa kijiti cha herufi haufiki hata kisanduku kimoja. Kwenye 8, tofauti yake na B iko mle ndani ya kisanduku, mahali ambapo zana haina nafasi ya kuishika.

Mnaweza kuyaona haya bila kuomba zana itunge chochote. Chukueni bango lililoandikwa vizuri, lifinywe na kukunjuliwa tu:

```python
import torch
from PIL import Image
from diffusers import AutoencoderKL
from diffusers.image_processor import VaeImageProcessor

vae = AutoencoderKL.from_pretrained("stabilityai/sd-vae-ft-mse")
p = VaeImageProcessor()
x = p.preprocess(Image.open("bango.png").convert("RGB"))
with torch.no_grad():
    z = vae.encode(x).latent_dist.mode()
    y = vae.decode(z).sample
p.postprocess(y)[0].save("bango2.png")
```

Tumieni picha ndogo, pikseli 1024 kwa 512 inatosha. Kichwa kikubwa cha habari kitarudi salama. Maandishi madogo yatarudi yamelewa, na hapo hakuna aliyeomba yabadilishwe.

Nusu ya Kasa sasa. Maneno unayoandika kwenye kile kisanduku cha maelezo hayaingii herufi kwa herufi. Hukatwa vipande, na kila kipande hupewa nambari. Neno la Kiingereza linalotumika sana mara nyingi huwa kipande kimoja. Neno letu hukatwa viwili vitatu, popote panapoangukia. Zana inapokea nambari za vipande, haijui kwamba ndani ya kipande kuna M kisha A kisha N. Watafiti wa Google waliandika mwaka 2022 kwamba ukiipa zana maneno kwa herufi badala ya vipande, tahajia inakuwa bora sana. Kwa hiyo lugha ina mchango wake, Kasa hakukosea. Ila hata Kiingereza hakimponyi.

---

Pweza7

Dada, hayo ni ya 2022. Tunaongea mambo ya zamani. Zana za sasa zinaandika bango zima, kichwa, aya, bei, bila kosa. Mimi hapa Malindi nimetengeneza menyu ya mgahawa kwa zana mpya na kila neno liko sawa. Huyu ndugu abadilishe zana tu.

---

Bi_Nakshi

Zimeboreka, sikatai. Stable Diffusion ya tatu, ya 2024, ilitoka kwenye zile tarakimu 4 hadi 16 kwa kila kisanduku, na msomaji wa maneno akaboreshwa pia. Kichwa cha maneno matatu manne kwenye picha mpya, kikubwa, kinatoka sawa mara nyingi.

Lakini yeye hatengenezi picha mpya, anajaza kiraka. Picha yake ina upana wa 4000 na tanga lina kama 1800. Zana nyingi huchukua sehemu uliyochagua, huipunguza hadi kipimo chao, hutengeneza kiraka, kisha hukivuta kirudi kwenye ukubwa wa picha. Generative Fill ilipotoka 2023 kiraka chake kilikuwa cha 1024 kwa 1024. Herufi iliyochorwa ikiwa na pikseli 24 ikivutwa hadi 42 haiongezi usomekaji, inaongeza ukungu tu.

Na menyu yako, umeisoma yote? Bei kwa bei?

---

Pweza7

Nimeisoma.

...Sawa. Kuna "kamba wa nazi" mara mbili kwa bei tofauti, na "biriani" ina i nne. Wateja hawajalalamika.

---

FundiBango_Mld (Malindi)

Mimi nachapa mabango, nina miaka 11 mbele ya mashine. Pweza, mteja wako halalamiki kwa sababu biriani anaijua. Nambari ya simu haijui. Nambari ikikosewa tarakimu moja hatakuja kukwambia, atapigia mtu mwingine huko Kilifi ashangae.

Tangu watu waanze kuniletea kazi za akili mnemba naona ugonjwa mmoja: maandishi yameshikamana na picha. Mteja anarudi baada ya wiki mbili, bei imepanda, anataka nibadilishe 1500 iwe 1800. Nitaibadilishaje? Hiyo 1500 si herufi, ni rangi iliyokauka. Hata kama zana ingeandika bila kosa maisha yake yote, mimi bado ningetaka maandishi yakae leya yake.

---

mjukuu_wa_hati

Samahani kuingilia, lakini swali langu ni hilihili la kujaza herufi. Marehemu babu alituachia hati ya tenzi kwa herufi za Kiarabu. Maji ya mvua yameingia sandukuni, mishororo kama kumi imefutika katikati. Nimeipiga picha. Nikichagua pale palipofutika nikajaza, herufi zitarudi?

---

Bi_Nakshi

La, ndugu yangu, la kabisa. Hazitarudi kwa sababu hazimo kwenye picha. Zana itakuchorea kitu kinachofanana na mwandiko wa babu, wino uleule, mlazo uleule, na halitakuwa neno. Kwa herufi za Kiarabu ni hatari zaidi: nukta moja ikisogea au ikiongezeka, ba imekuwa nuni au ya, na asiyesoma hatagundua. Baada ya miaka 20 mtu ataikuta picha hiyo aseme ndivyo babu alivyoandika.

Piga picha upya kwa mwanga wa ubavuni, taa ilale karibu usawa wa karatasi, kalamu ikiwa iliacha mchirizi utaona. Pasipoonekana paache wazi. Na mtafute mzee anayezihifadhi hizo tenzi moyoni kabla hujamkosa.

---

mjukuu_wa_hati

Nilishajaza mshororo mmoja jana. Nikamwonyesha mama akasema "mashaallah, mwandiko wa baba". Naifuta sasa hivi.

---

FundiBango_Mld

Turudi kwa kijana wa Shela. Fanya hivi, mimi nimeshafanya kazi kama yako.

Kwanza iambie zana ijaze tanga tupu, bila neno lolote. Usiandike "ondoa maandishi" wala "bila maandishi". Ukitaja maandishi umeshaiwashia wazo la maandishi, na zana nyingi hazielewi sawasawa neno "bila". Elezea kinachotakiwa kuwepo: kitambaa cha tanga cheupe, mikunjo, jua la jioni. Au uache kisanduku tupu, itafuata kilicho pembeni.

Kuzungusha kwako pia kuna dosari, nadhani. Ulifuata herufi kwa karibu sana?

---

tanga_jeupe

Nilifuata herufi moja moja kwa uangalifu mkubwa! Nilidhani ndiyo ustadi.

---

FundiBango_Mld

Ndiyo maana. Shimo lako lenyewe lina sura ya herufi, na kingo za wino zimebaki nje yake. Zana ikiona shimo lenye sura ya S lililozungukwa na mabaki ya wino, itajaza nini kama si S? Zungusha eneo zima la maandishi kama kipande kimoja, upite nje ya herufi kwa pikseli 30 au 40, kingo zilainike kidogo.

Kiraka kikitoka safi, fungua Photopea kwenye kivinjari, ni ya bure. Andika maneno kwa zana ya T. Fonti nene isiyo na madoido, mashua huonwa kutoka mbali. Geuza leya iwe Smart Object kabla hujaipinda, ili ukitaka kubadili neno ubadili bila kuanza upya. Kisha Edit, Transform, Warp, uvute pembe zifuate tumbo la tanga. Mwisho weka Multiply kwenye leya hiyo. Hapo mikunjo ya kitambaa itaonekana ikipita ndani ya herufi, na itakuwa kama rangi imepakwa kweli.

Nambari ya simu na bei usiziweke kwenye tanga. Ziweke kwenye ukanda wa rangi moja chini ya bango, zimesimama wima, bila kupinda.

---

tanga_jeupe

Nimekaa usiku kucha. Ripoti:

Kiraka kimetoka safi mara ya pili. Mara ya kwanza kulikuwa na vivuli hafifu vya herufi za zamani, kumbe nilisahau kuwa maandishi yanapenya upande wa pili wa kitambaa karibu na mlingoti. Nikazungusha na hapo.

Maandishi niliyaweka meupe yenye kingo nyekundu. Nikawasha Multiply, weupe wote ukatoweka, zikabaki kingo tu. Nikafikiri kompyuta imekufa.

Nilipoweka buluu ya bahari ikakubali. Lakini bado yanaonekana yamebandikwa. Sijui kwa nini, mikunjo inaonekana ndani yake lakini jicho linakataa.

---

Bi_Nakshi

Multiply hufanya giza tu, nyeupe kwake ni sawa na kioo. Ukitaka maandishi meupe, tanga lingekuwa jeusi na ungetumia Screen.

Kuhusu jicho kukataa, angalia mambo mawili. La kwanza ni ukali. Kuza picha hadi 200% utazame kamba ya tanga, ukingo wake unayeyuka kwa pikseli mbili tatu. Herufi zako zimekatwa kwa wembe. Ziwekee Gaussian Blur ndogo, anza na pikseli 0.8, uongeze mpaka ukingo wa herufi ulingane na ukingo wa kamba. Kisha chengachenga: picha ya simu ina punje, herufi yako haina. Ongeza kidogo sana.

La pili, mikunjo inapita ndani ya herufi lakini herufi yenyewe haikunjiki inapokutana na mkunjo. Mstari wa chini wa maneno yako umenyooka au umejipinda kwa mpindo mmoja laini, kitambaa hakiko hivyo. Kwenye GIMP nenda Filters, Map, Displace: chukua nakala ya tanga ya rangi ya kijivu, iwekee ukungu kidogo ili nyuzi za kitambaa zisiitikise, uitumie kusogeza herufi pikseli 8 hadi 10, si zaidi. Ukizidisha herufi zinakuwa kama zimetumbukia majini.

Halafu linganisha na picha ya awali. Weka ile ya awali leya ya juu, uiwashe na kuizima. Kuna zana ambazo hukunjua picha nzima baada ya kujaza, na vitu vidogo nje ya sehemu uliyochagua vinabadilika bila wewe kujua. Jina la mashua ubavuni bado ni lile?

---

tanga_jeupe

Subhanallah. Nimetumia zana mbili tofauti, na kwenye ile ya pili jina la mashua limebadilika herufi moja. Sikuligusa kabisa! Ningelichapa bango ami angenilaza nje ya nyumba.

Nimefanya ulivyosema: nimeweka picha ya awali juu, nikatoboa pale kwenye tanga tu ili kiraka kionekane, kila kitu kingine ni cha awali. Na ile Displace imeleta uhai, sasa N ya MANDA inavunjika kidogo inapopita mshono.

---

Kasa

Kwa hiyo zana imefanya kitambaa tu, maneno yote umeandika mwenyewe. Si afadhali ungepaka rangi nyeupe juu ya maandishi ya zamani ukaandika?

---

FundiBango_Mld

Kasa, jaribu kupaka nyeupe kwenye tanga lenye jua la jioni uone. Litakuwa kama plasta.

Kijana, kuchapa. Mita 2 ni kama inchi 79, pikseli zako 4000 zinatoa kama 50 kwa kila inchi. Kwa picha inayotazamwa kutoka hatua kadhaa inatosha. Kwa nambari ya simu haitoshi, kingo zitaonekana ngazi ngazi. Kwa hiyo maliza tanga kwenye Photopea, litoe kama PNG, kisha uliingize Inkscape na uandike ule ukanda wa chini humo humo. Kule herufi ni mistari ya hesabu, zitakuwa kali kwa ukubwa wowote. Kabla ya kutuma chagua maandishi, Path, Object to Path, la sivyo mashine yangu haina fonti yako na itaweka yake. Weka nakala moja ambayo hujaigeuza, ukigeuza huwezi tena kuhariri maneno.

Na tafadhali sana, tuma PDF, na ukituma kwa WhatsApp itume kama Document. Wiki hii nimepokea mabango matatu yaliyotumwa kama picha ya kawaida, yamefika yamekonda.

---

Pweza7

Mimi bado nasema mwaka ujao haya yote hayatahitajika. Lakini nimechukua ile ya kuacha maandishi leya yake, kwa ajili ya bei.

---

Bi_Nakshi

Huenda. Mimi nitaamini siku itakapojaza nambari ya simu ndogo kwenye kiraka kidogo mara 50 bila kukosea hata moja.

---

tanga_jeupe

Bango limetoka, limetundikwa leo asubuhi. Nambari tumeipigia kutoka kwenye bango lenyewe, simu ya ami ikaita.

Limezuka jingine. Mgeni wa kwanza amelitazama, akatazama mashua, akauliza mbona tanga la kweli halina maneno. Maana tanga la zamani limeshashushwa na jipya ni jeupe tupu. Ami sasa anataka nimwandikie maneno yaleyale kwenye tanga lenyewe, herufi ziwe na urefu wa dhiraa moja. Kuna anayejua rangi gani inakaa kwenye kitambaa cha tanga bila kupasuka linapokunjwa?